Ofa Iko Kwenye Tangazo, Kwenye Simu Haipo

Apple ilipozindua huduma yake ya filamu na tamthilia tarehe 1 Novemba 2019, kila aliyenunua simu yake mpya aliahidiwa mwaka mzima wa kutazama bila kulipa. Kuanzia Julai 2021 mwaka huo ukakatwa ukabaki miezi mitatu, na ndivyo ofa hiyo ilivyozoeleka tangu hapo. Google nayo ilipotoa Pixel 9 Pro mwaka 2024 iliweka pembeni ya simu mwaka mmoja wa kifurushi cha Google One chenye nafasi ya kuhifadhia ya TB 2, na mwaka uliofuata wanunuzi wa Samsung Galaxy S25 katika nchi kadhaa wakaahidiwa miezi sita ya kifurushi cha aina hiyo. Kampuni za simu hazikubaki nyuma. Huko Marekani, T-Mobile imekuwa ikiwalipia wateja wa baadhi ya vifurushi vyake huduma ya Netflix tangu Septemba 2017.

Ahadi hizo ni za kweli. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi hawazioni. Simu imewashwa, laini imewekwa, programu imefunguliwa, na mahali palipotakiwa kuandikwa kwamba miezi mitatu ni bure pameandikwa bei. Mnunuzi anarudi dukani, muuzaji anamwambia aulize Apple. Anaipigia kampuni ya simu, inamwambia aulize waliotengeneza programu. Anazungushwa hivyo mpaka anakata tamaa, na kumbe katika muda huo huo siku za ofa zinazidi kuyoyoma.

Chanzo cha mzunguko huo ni dhana kwamba ofa inakuja na simu kama chaja inavyokuja ndani ya boksi. Haiko hivyo. Ndani ya simu hakuna kitu kilichowekwa. Ofa ni haki iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za kampuni, na haki hiyo imefungwa kwenye kitu kimoja kati ya vitatu: namba ya utambulisho ya kifaa, akaunti ya mtumiaji, au laini ya simu. Mara nyingi imefungwa kwenye viwili kwa pamoja. Anayetaka kujua ofa yake imekwama wapi aanze kwa kuuliza swali moja: ahadi hii ni ya nani? Ya aliyetengeneza simu, ya kampuni ya simu, au ya duka lenyewe? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua pa kuangalia.

Mfano wa Apple unafaa kufuatiliwa hatua kwa hatua, kwa sababu masharti yake yanajulikana na simu yenyewe inaonyesha karibu kila kitu kinachohitajika.

Masharti ni haya. Kifaa kiwe kipya na kiwe kimenunuliwa Apple au kwa wakala anayetambuliwa nayo. Mtumiaji awe mteja mpya, au wa zamani anayekidhi vigezo vya Apple, na awe hajawahi kuchukua ofa hiyo. Ofa ichukuliwe ndani ya miezi mitatu tangu simu iliposetiwa mara ya kwanza. Familia iliyounganishwa katika mpango wa kushirikiana wa Apple inapata ofa moja tu, hata kama watu wake watano wamenunua simu tano.

Sasa tuseme mnunuzi wa Dar es Salaam amechukua iPhone pale Kariakoo tarehe 5 Machi. Boksi limefungwa nailoni, kioo hakina mkwaruzo, na muuzaji amemhakikishia kuwa simu ni mpya na ina Apple TV ya bure. Nyumbani anafungua programu ya Apple TV na kukuta anatakiwa kulipa. Kabla ya kupiga simu popote, afungue Settings, kisha General, kisha About. Katika ukurasa huo kuna mistari miwili inayomhusu.

Wa kwanza ni Model Number. Kinachosomwa hapo ni herufi ya mwanzo. Namba ikianza na M, simu iliuzwa ikiwa mpya. Ikianza na F, ni simu iliyorudishwa Apple, ikakarabatiwa na kuuzwa tena. Ikianza na N, ni simu aliyopewa mteja kufidia yake iliyoharibika, na P ni iliyochongwa jina au maandishi kwa ombi la mnunuzi. Ikiwa kinachoonekana ni A na tarakimu nne, aguse mstari huo mara moja na namba nyingine itatokea. Nailoni inaweza kufungwa upya na mtu yeyote mwenye mashine ya kupulizia hewa ya moto, lakini herufi hii haibadiliki kwa kubadilisha boksi.

Mstari wa pili ni wa dhamana, ambao kwenye simu nyingi umeandikwa Coverage. Namba ya simu iitwayo Serial Number, inayopatikana ukurasa huo huo, inaweza pia kuingizwa kwenye tovuti ya checkcoverage.apple.com na jibu likapatikana huko. Dhamana ya kawaida ya Apple ni ya mwaka mmoja. Tuseme mnunuzi wetu anakuta dhamana yake inaisha tarehe 20 Oktoba mwaka huu. Akirudi nyuma mwaka mmoja anafika tarehe 20 Oktoba mwaka jana, na hiyo ndiyo siku ambayo kwa kumbukumbu za Apple simu hiyo ilianza maisha yake. Miezi mitatu kutoka hapo iliisha tarehe 20 Januari. Yeye amenunua tarehe 5 Machi. Ofa aliyoahidiwa ilikufa wiki sita kabla hajaitoa hela yake mfukoni, na hakuna kitufe atakachobonyeza kikairudisha.

Hesabu hiyo ni muhimu hasa kwa soko la Afrika Mashariki, ambako simu nyingi hupitia Dubai au hutoka Ulaya na Marekani baada ya kutumiwa na mtu mwingine. Simu ya mtumba si simu mbaya, na wengi wanainunua wakijua. Lakini muuzaji anayeiuza pamoja na ahadi ya ofa ya simu mpya anauza kitu asichokuwa nacho. Jambo moja la kuangalia ni kwamba mwenye simu wa kwanza anaweza kuwa alinunua dhamana ya ziada, na hapo tarehe ya mwisho itakuwa imesogezwa mbele. Kwa hiyo dhamana iliyobaki miaka miwili si ushahidi kwamba simu ni mpya.

Kuna upande wa pili wa mfano huu. Herufi ni M, dhamana imebaki karibu mwaka mzima, duka ni la wakala anayetambulika, na bado ofa haionekani. Hapo simu haina kosa. Kinachotakiwa kuchunguzwa ni akaunti.

Mahali pa kwanza ni ndani ya Settings kwenyewe. Simu mpya zenye ofa huonyesha mstari ulioandikwa Services Included with Purchase, na ukiguswa hutoa orodha ya huduma ambazo kifaa hicho kina haki ya kupata. Ofa za vifaa vya masikioni vya Apple nazo hutegemea simu, kwa sababu ni lazima kifaa kiunganishwe na iPhone yenye toleo jipya la mfumo ndipo Apple Music itoe miezi yake ya bure. Simu ambayo haijasasishwa inaweza kukaa na ofa bila kuionyesha. Kusasisha mfumo, kuzima simu na kuiwasha, kisha kufungua programu ya Apple TV upya ni hatua ya kufanya kabla ya kufikiria jingine.

Mahali pa pili ni orodha ya usajili. Mtumiaji anagusa jina lake juu kabisa ya Settings, kisha Subscriptions. Huduma zinazoendelea ziko juu, na zilizokwisha ziko chini. Ikiwa Apple TV imo kwenye zilizokwisha, huenda jibu limepatikana: akaunti hiyo iliwahi kujiunga, pengine miaka mitatu iliyopita kwenye simu nyingine, na ikiwa ilijiunga kwa ofa hiyo, haimhusu tena. Vivyo hivyo kwa familia. Kijana wa nyumba aliyechukua ofa kwa simu yake mwaka juzi anaweza kuwa amefunga mlango kwa baba, mama na dada bila mtu kujua. Katika Settings, chini ya jina, sehemu ya Family inaonyesha nani wamo.

Mahali pa tatu ndipo panapowapiga chenga wengi. iPhone inaruhusu akaunti mbili kufanya kazi kwa wakati mmoja, moja ya kuhifadhi picha na namba za watu, na nyingine ya manunuzi. Ofa inafuata ya manunuzi. Mtu asiye na akaunti mara nyingi humwomba muuzaji amsaidie, na wako wauzaji na mafundi ambao huingiza akaunti ya duka ili kupakua WhatsApp na programu nyingine upesi, mteja aondoke akiwa na simu inayofanya kazi. Baadaye mteja anaweka akaunti yake, lakini ile ya duka inabaki kwenye manunuzi. Akaunti hiyo imeshapita kwenye simu nyingi, kwa hiyo Apple haiioni kama mteja mpya. Inaangaliwa hivi: jina juu ya Settings, kisha Media & Purchases, kisha View Account. Barua pepe inayoonekana hapo ikiwa si ya mwenye simu, aiondoe na aingize yake. Hata kama hakuna ofa inayotafutwa, hilo ni la kurekebisha.

Kwa Android mantiki ni ile ile, ila majina ya milango yanatofautiana. Ofa za Google One za Pixel na Galaxy huchukuliwa kwenye programu ya Google One, ndani ya simu yenyewe iliyostahili. Kinachokwamisha mara nyingi ni wingi wa akaunti. Simu moja inaweza kuwa na akaunti ya mwenyewe, ya kazini na ya mtoto, na akaunti za kazini au shuleni zinazosimamiwa na taasisi hazipewi ofa za Google One. Ikiwa ya kazini ndiyo iliyochaguliwa, programu inaonekana kana kwamba haijui lolote. Picha ndogo ya mduara iliyo pembeni juu ndiyo ya kugusa ili kubadilisha akaunti.

Kujua kama ofa ya Google imekubali ni rahisi kuliko kwingine. Akaunti ya kawaida ina GB 15 za bure. Mtumiaji afungue programu ya Google One au one.google.com na asome jumla ya nafasi aliyonayo. Ikisomeka GB 15, ofa haijaanza, hata kama alipata ujumbe wa kumpongeza. Ikisomeka TB 2, imeanza. Tarehe itakapoisha na kiasi kitakachokatwa baadaye vinapatikana Play Store, kwenye picha ya mduara, sehemu ya malipo na usajili.

Pixel ina kikwazo kingine kwa wanunuzi wa huku. Google haina duka lake Kenya wala Tanzania, na ofa ya simu hizo ilitolewa kwa nchi zilizoorodheshwa. Simu iliyoletwa na ndugu kwenye begi inapiga picha vizuri ileile, lakini haki ya ofa haisafiri nayo bila masharti. Aliyenunua mwenyewe akiwa kule, na mwenye akaunti ya nchi hiyo, yuko katika nafasi nzuri zaidi kuliko aliyeinunua hapa kwa mtu wa tatu.

Kwenye ofa za kampuni za simu, kilichoshika haki ni laini. Kule Marekani, familia nyingi hukusanya laini zao katika mkataba mmoja, na mwenye mkataba ni mtu mmoja. T-Mobile ilipoanza na Netflix ilidai laini mbili au zaidi katika mkataba, na anayeweza kuiwasha ni mwenye akaunti kuu. Mama aliye kwenye laini ya tatu anaweza kubonyeza siku nzima bila mafanikio, wakati mwanawe angeifungua kwa dakika chache. Kuwa na kifurushi kinachostahili pia hakutoshi, kwa sababu ni lazima akaunti ya Netflix iunganishwe na ile ya kampuni ya simu. Asiyeunganisha, na ambaye alikuwa na Netflix tangu zamani, anaendelea kukatwa kwenye kadi ya benki kwa kitu ambacho tayari kimo kwenye bili ya simu. Dalili iko kwenye ukurasa wa akaunti wa Netflix, panapoandikwa nani analipa. Pakiwa na tarakimu za mwisho za kadi, ofa haijaunganishwa.

Kwenye laini za kulipia kabla, ambazo ndizo za wengi Afrika Mashariki, haki kwa kawaida huja kwa SMS yenye kiungo au namba ya vocha. SMS hiyo huenda kwa laini iliyonunuliwa kifurushi. Aliyemnunulia mwingine kifurushi asiisubiri kwenye simu yake. Aliyenunua kifurushi cha intaneti ya nyumbani ana tatizo la aina yake, kwani laini yake imo ndani ya ruta na SMS imeingia humo. Ruta nyingi za Huawei huonyesha ujumbe huo ukiunganisha simu na Wi-Fi yake, ukafungua kivinjari na kuandika 192.168.8.1, kisha ukaingia kwa nywila iliyoandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Kwenye simu ya kawaida, folda ya ujumbe taka nayo ifunguliwe, maana ujumbe wa matangazo wenye kiungo ni chakula cha vichujio.

Kiungo chenyewe kina hila moja. Baadhi ya kampuni humtambua mteja kwa data ya laini yake. Akikifungua akiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini, mtandao hauoni namba ya simu, na ukurasa unamrudishia ujumbe kwamba hastahili ofa. Azime Wi-Fi, awashe data ya laini hiyo hiyo, na ikiwa simu ina laini mbili ahakikishe data inapita kwenye ile yenye ofa, kisha akifungue tena.

Katika pilika hizo zote hakuna mhudumu halali anayehitaji PIN ya M-Pesa wala namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS. Anayeandika mtandaoni kwamba ofa yake haifunguki hupata haraka mtu anayejiita mhudumu, na kinachoulizwa kwanza ni hizo namba.

Ikithibitika kwamba kifaa kinastahili, akaunti ni sahihi na muda haujapita, hapo ndipo malalamiko yana nguvu. Kinachohitajika ni risiti yenye tarehe, picha ya tangazo lenyewe, namba ya kifaa, na picha ya skrini inayoonyesha ofa haipo. Namba ya IMEI hupatikana kwa kupiga *#06#. Vyote vipelekwe kwa aliyetoa ahadi: Apple kwa ofa ya Apple, Google kwa ya Google, kampuni ya simu kwa ya laini. Mlalamikaji aombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko na aiandike, kwa sababu wasimamizi wa sekta wataiulizia.

Tanzania msimamizi huyo ni TCRA, na Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Wote wanataka mteja awe ameanza kwa kampuni yenyewe kabla ya kufika kwao. Mamlaka hizo zinashughulika na watoa huduma za mawasiliano, si duka la simu. Muuzaji aliyeahidi ofa ambayo simu yake haikuwa nayo anaangukia sheria nyingine: Tanzania ni Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi na kusimamiwa na Tume ya Ushindani, na Kenya ni Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Kwa mnunuzi wetu wa tarehe 5 Machi, hoja yake mbele ya muuzaji haiko kwenye miezi mitatu ya filamu. Iko kwenye tarehe 20 Oktoba, ambayo inaonyesha kwamba simu aliyouziwa kwa bei ya mpya ilikuwa na zaidi ya miezi minne tangu iwashwe na mtu mwingine, na tofauti ya bei kati ya simu hizo mbili ni kubwa kuliko ya usajili wowote.